Masaa Sita Ndani ya Sekunde 45

Sekunde 45, jamani. Mimi kwa sekunde 45 sijamaliza hata kumsalimia Mangi dukani. Bado sijauliza watoto, bado sijalalamikia bei ya mkate. Sasa mtu anataka humo humo kwenye sekunde 45 mwanamke aingie na nywele zake, asukwe rasta mpaka kiunoni, ageuke, acheke, bei itajwe, na watu wajue saluni iko wapi. Na maneno yote niandike mimi. Bure.

Mtu mwenyewe ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Ana fremu ya saluni Tandika. Wateja wawili wakikaa ndani, wa tatu anasubiri barazani. Biashara ilikuwa imelala fofofo. Wasusi wenzake wanarusha video, foleni inafika barabarani. Yeye karusha picha ya bango, kapata "hongera" moja tu, kutoka kwa mama yake. Basi akaja kwangu. "Shikamoo anko. Si wewe ndiyo unaandikaga kwenye gazeti? Niandikie maneno ya kusema kwenye video, na yale madogo madogo ya kutokea kwenye kioo." Nikamwambia hilo halinisumbui. Mtu anayejaza safu nzima atashindwaje na kioo cha simu?

Usiku nikashusha kitu kizito. Kinaanza, "Karibuni sana wapendwa watazamaji popote pale mlipo." Nikaeleza misuko ya tangu enzi za bibi zetu, twende kilioni imo, yebo yebo imo, mabutu yamo. Nikaweka na mistari kadhaa kuhusu nafasi ya mwanamke katika jamii. Nilipomaliza nilijiona kama waziri anasubiri kupigiwa makofi.

Mpwa wangu akanisikiliza mpaka mwisho. Ana adabu yule. Kumbe simu aliyoshika ilikuwa inahesabu. Dakika tatu na ushee. "Anko, hapo kwenye 'popote pale mlipo' watu wote wameshaondoka." Wameondoka kwenda wapi? Akanionyesha kidole gumba, anakitelezesha juu, fyuu, fyuu, fyuu. Kila video mtu anaipa sekunde mbili tatu, isipomkamata anapita. Salamu ya Kiswahili yenye heshima zake haina nafasi hapo. Nikaumia, lakini nikanyamaza, maana chai nilikuwa nakunywa ya kwake.

Halafu akanipigia hesabu. Mtu akisema Kiswahili taratibu, aeleweke, anatoa kama maneno mawili kwa sekunde. Maneno yetu marefu, bwana. "Hawatakusukia" ni neno moja lakini linakula sekunde yake nzima. Kwa hiyo sekunde 45 ni maneno kama 90, hapo unaongea bila kumeza mate. Toa sehemu ambazo mtu anatakiwa atazame tu bila kelele, unabakiwa na 50 hivi. Hamsini! Mimi kwa maneno 50 naombea chumvi tu.

Akaongeza lingine. "Na anko, usimwambie mtu kitu anachokiona." Mimi nilikuwa nimeandika "sasa mnamwona dada akiwa amekaa juu ya kiti chekundu." Kumbe kiti wanakiona, na wekundu wanauona. Sauti inatakiwa iseme kile ambacho picha haiwezi kukisema. Picha haisemi kama inauma. Haisemi kwa nini mzizi umelala vile. Hayo ndiyo ya mdomoni. Na picha haisemi pakiti ngapi, muda gani, bei gani. Hayo ndiyo ya kuandikwa kwenye kioo, maana watu wengi wanatazama bila sauti. Wako kwenye daladala, wako kazini wanajificha chini ya meza. Nikauliza, sasa hao wa bila sauti wanajuaje nilichosema? Akasema ndiyo maana maneno yawe machache, ili tuyaweke na kwa maandishi madogo bila kufunika kichwa cha mteja. Kila ninachouliza jibu lake ni nipunguze. Nikaanza kuhisi kuna mtu kamtuma.

Siku ya kupiga video nikaenda na karatasi yangu mpya, fupi. Mteja kashakaa. Nywele zimeoshwa, zimepigwa blodraya, zimesimama vizuri tu. Mpwa wangu akasema, "Anko soma ya mwanzo tusikie." Nikasoma kwa sauti. "KABLA: CHAKA LA NYWELE LISILOFUGIKA."

Kimya. Hata redio naona ilikata.

Yule dada akageuka taratibu na kiti chake. "Chaka la nani?" Nikajaribu kusema ni lugha ya picha. Akasema picha yenyewe asipigwe. Mpwa wangu akaanza kazi ya kubembeleza, soda ikanunuliwa, kwa hela yangu. Halafu nikatolewa nje kwa mazungumzo. Nikaambiwa kwenye video za kusuka neno la "kabla" ni KABLA, basi, haliongezewi kitu. Anayetazama naye ana nywele kama zile kichwani, ndiye unayemwita aje. Ukimtukana sekunde ya tatu, sekunde ya 45 hatakuja kulipa. Tena uombe ruhusa ya sura ya mtu kabla hujawasha simu, maana huyo dada bosi wake anajua yuko kliniki.

Basi tukaanza. Simu nimeshika mimi. Nikampiga ile ya "kabla" nikiwa nimekaa kwenye ndoo, miguu inauma. Mlango uko wazi, jua la asubuhi linamwingia usoni. Safi kabisa. Akasukwa. Alipomaliza saa 9 alasiri, nikampiga "baada" nimesimama, maana ndoo ilikuwa imeshachukuliwa kwa maji. Jua nalo lilikuwa limeshahamia nyuma ya nyumba, ndani giza, tukawasha taa ile ya njano.

Tukaziunganisha. Wee. Mtu wa kwanza kapigwa kwa chini, kidevu kipana, mweupe. Wa pili kapigwa kwa juu, paji la uso kubwa, wa njano kama ana homa ya ini. Ungeapa ni ndugu wawili wasioelewana. Mpwa wangu akasema, "Hii tukirusha watasema tumebadilisha mtu." Nikamwambia si turudie tu. Akaniangalia. "Turudie baada, sawa. Kabla tunairudiaje?"

Nikatazama kile kichwa. Pakiti sita za rasta, masaa sita ya vidole. Ni kweli. Huwezi kumwambia mtu afumue dakika mbili tupige picha halafu arudishe. Kila kitu kwenye video ya msuko unaweza kukipiga upya ila kabla. Ikishasukwa imekwenda. Yule dada akaondoka amependeza kama malaika, na sisi tumebaki na video ya ndugu wawili.

Kwa mteja aliyefuata mpwa wangu hakuniachia kitu. Akachukua plasta ile ya kidonda, akabandika alama ya msalaba sakafuni, hapo anasimama mteja. Akabandika na nyingine, hapo nasimama mimi. Ndoo ikafichwa kabisa. Mlango ukafungwa, taa nyeupe ya mrija ikawashwa asubuhi na mchana, ili rangi isibadilike jua likihama. Simu niishike usawa wa macho ya mteja. Halafu kuna ujanja hapo ambao mimi nilidhani ni uchawi: kabla, mteja anageuza kichwa kutoka kushoto kwenda kulia. Baada, anageuza hivyo hivyo, mwendo ule ule. Unakata ya kwanza katikati ya kugeuka, unaunga ya pili katikati ya kugeuka. Anaanza kugeuka na nywele zake, anamaliza na rasta. Nilipoiona mara ya kwanza niligeuka nyuma kutafuta yule mwingine kaenda wapi.

Katikati ya kazi nikataka kukimbiza picha, vidole viende wiiii kama sinema za zamani. Akakubali kwa sehemu moja tu. Sehemu ya kuanza rasta akakataa katakata, iende kwa mwendo wake wa kawaida na simu iwe karibu kabisa. Kwa sababu hizi ni zile za bila fundo, notlesi wanaziita. Za kawaida, msusi anafunga rasta pale pale kwenye mzizi, unaona kafundo, na uzito wote wa rasta unaning'inia hapo tangu mwanzo. Hizi anaanza na nywele ya mteja yenyewe, anaigawa mara tatu, anasuka kidogo. Akiteremka kidogo anaingiza uzi mwembamba wa rasta. Anateremka, anaingiza mwingine. Mpaka unene anaoutaka. Juu kabisa ni nywele ya mtu tu, imelala. Ndiyo maana zinachukua muda, na ndiyo maana bei iko juu. Ukikimbiza hapo, anayetazama anaona vidole tu, halafu anakuja kuuliza mbona kwa mwenzako ni nusu ya hii.

Mimi kwa raha zangu nikaandika, "HAZIUMI HATA KIDOGO!!!" Alama za mshangao tatu. Akafuta. Akasema haziumi kama mkono ni mwepesi. Mtu akitaka nyembamba sana na ndefu mpaka magotini, uzito ni uzito, utavuta tu. Na kuna wasusi wanakaza hata hizo notlesi mpaka nyusi zinapanda. Akanionyesha mteja mmoja aliyekuja kufumuliwa kazi ya saluni nyingine. Pembeni ya paji, vipele vidogo vidogo kwenye mstari wa nywele, na nywele za mbele zimeanza kukimbia. Ukiona vile, ukilala kichwa kinagonga, si urembo, ni nywele inang'olewa polepole, na ikiendelea mwaka baada ya mwaka pale mbele hapaoti tena. Nikapapasa paji langu la uso. Mimi sijawahi kusukwa hata siku moja, lakini nilipata uchungu wa pamoja.

Ikaja sauti. Saluni ina blodraya, ina redio, fremu ya jirani wanachomelea mageti. Huwezi kurekodi hapo. Nikaambiwa nirekodi nyumbani, usiku, nijifunike blanketi ili sauti isigonge ukuta na kurudi. Blanketi, Dar es Salaam. Nikajifunika na simu yangu, jasho linachuruzika mpaka kwenye karatasi, nanong'ona "halafu kidogo tena, halafu kidogo tena." Mke wangu akafungua mlango. Sitaeleza zaidi. Ninachosema ni kwamba karatasi niliyoonyesha kama ushahidi ilikuwa imeloa, haisomeki.

Haya, hii ndiyo iliyopita baada ya mikasi yote. Naiweka hapa angalau ionekane nilifanya kazi.

Sekunde tatu za mwanzo tunaonyesha mgongo wenye rasta, zinapepea. Mpwa wangu anataka mwisho uonjeshwe mwanzo. Mimi naona ni kumaliza utamu, lakini sina kura. Sauti: "Masaa sita kwenye kiti. Ona alivyoingia." Kwenye kioo: NOTLESI MPAKA KIUNONI. Hapo kwenye masaa tuligombana. Mimi nilitaka SAA 6, ndicho Kiswahili sanifu, mwalimu wangu angenipiga kwa hayo "masaa". Tukaweka SAA 6 kwa majaribio kwenye kundi lake la wateja. Mmoja akaja saa sita mchana kamili, kakaa kwenye kiti, anasema si mmeandika. Tukabadilisha.

Inafuata kabla, sekunde tano, anageuza kichwa. Sauti: "Ameingia na nywele zake, zimeoshwa, zimekauka." Kwenye kioo: KABLA. Peke yake, kama ilivyoamriwa.

Halafu mkia wa kitana unachora mistari, kichwa kinagawanyika kama mashamba. Sauti: "Tunagawa kwanza. Mstari ukipinda hapa, utapinda mpaka mwisho." Kioo kitupu, maana mistari ndiyo ya kuangaliwa.

Sehemu ya vidole, ndefu kuliko zote, sekunde 12. Sauti: "Anaanza na nywele ya mteja peke yake. Halafu anaongeza rasta kidogo. Halafu kidogo tena. Ndiyo maana hapa juu hakuna fundo." Kwenye kioo, neno la mwisho likitamkwa tu, siyo kabla: HAKUNA FUNDO, na kamshale kanaonyesha mzizi.

Hapo ndipo inakimbizwa, masaa matano yanapita kwa sekunde sita. Sauti: "Ukisikia inavuta, sema hapo hapo. Usivumilie." Kwenye kioo: PAKITI 6, MASAA 6. Hii ya masaa ina kazi yake. Mtu akiona vidole vinakimbia anadhani ni shughuli ya nusu saa, anakuja saa 10 jioni anataka awahi harusi.

Ncha zinachovywa kwenye maji ya moto, taulo liko mabegani. Hakuna sauti, tunasikia maji tu. Kwenye kioo: ILI NCHA ZISIFUMUKE. Kisha baada, sekunde sita, anageuka. Neno BAADA linatokea sekunde moja na kuondoka. Hakuna mtu kuongea. Nilitaka niweke japo "mashallah." Nikanyimwa. Mwisho: "Njoo asubuhi," na kwenye kioo UFUNDI 45,000, TANDIKA.

Hesabu maneno ya mdomoni, hayafiki 50. Kwa bei ya gazeti hiyo haitoshi nauli.

Maandishi ya kioo nikapewa niyapange mimi, kwa kuwa nililia sana. Programu ya simu ilijitolea kuandika yenyewe ninachosema. "Anaongeza rasta kidogo" ikaandika "anaongeza pasta kidogo." Nikafuta, nikaandika kwa mkono. Nikachagua rangi nyeusi, ndiyo rangi ya heshima. Yakapotea yote kwenye nywele. Nyeusi juu ya nyeusi, utasomaje? Ikabidi nyeupe yenye ukingo mweusi. Nikaweka mistari minne minne. Mpwa wangu akasema mistari miwili mwisho, maneno matatu manne, na yakae mpaka wewe mwenyewe uyasome mara mbili kwa kutulia. Nikasoma mara mbili kwa kutulia. Kwa miwani yangu, neno moja likamaliza video.

Bei nikaiweka chini kabisa, kama kwenye tangazo la gazeti. Nadhifu. Tukarusha.

Ndani ya saa moja watu wamejaa. Wote wanauliza kitu kimoja. "Bei?" "Bei gani dada?" "Mbona hamuweki bei?" Nikapandwa na hasira, nikaanza kuwajibu mmoja mmoja kwamba bei imeandikwa, fungueni macho. Mpwa wangu akanipokonya simu, akanionyesha video kama wanavyoiona wao. Chini kabisa, pale pale kwenye 45,000 yangu, limekaa jina la saluni na maelezo ya video, yamefunika. Pembeni kulia kuna kale kamoyo na kale ka kutuma, vimekula na herufi za Tandika. Imebaki TAND. Maandishi yanatakiwa yakae katikati au juu ya katikati, chini na kulia ni mali ya programu. Mbona hakuna aliyeniambia? Akasema alidhani kila mtu anajua.

Ikashushwa, ikapangwa, ikarudishwa. Safari hii bei inaonekana, Tandika imekamilika, mwendo wa kichwa umeungana vizuri, mpaka mwenyewe nikasisimka. Nikakaa nasubiri watu waisifie kazi ya maneno. Wakaanza kuingia. "Hahahaha." "Huyo mzee." "Jamani mzee wa kwenye kioo." "Nimerudia mara kumi kwa ajili ya mzee."

Mzee gani? Nikasogeza simu karibu. Nyuma ya mteja, ile ya baada, kuna kioo cha ukutani. Ndani ya kioo nimo mimi. Nimesimama juu ya plasta yangu kama nilivyoagizwa. Singilendi. Mdomo wazi. Ulimi umetoka kidogo kwa umakini. Na kwa vile tulikubaliana sekunde sita pasiwe na sauti wala maandishi ili watu watazame vizuri, wametazama vizuri.

Sasa hivi saluni ina foleni. Wateja wakifika wanachungulia kwanza ukutani. Mpwa wangu kafurahi, kaniambia video ijayo niingie rasmi, nikae mwenyewe mbele ya simu. Nikajiweka sawa, nikauliza nitasema nini. Akasema sisemi kitu, nitakuwa KABLA. Nikamuuliza, na baada je? Akaniangalia kichwani, akaangalia rasta zilizobaki kwenye pakiti, akasema, "Anko, baada tutaweka mtu mwingine."